Tone moja ni miligramu moja: nilivyojifunza kukadiria mashaka ya titresheni

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: kupima ugumu wa maji ya kisima kirefu upande wa Kigamboni. Mwenye kisima alikuwa akiyauza kwa kiwanda kidogo, na mkataba wao ulisema ugumu usizidi miligramu 300 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Sisi tulipata 298.3. Fomu ya maabara ikaongeza yenyewe alama ya kujumlisha na kutoa, ikaandika 298.3 ± 1.2. Ukijumlisha unapata 299.5, kwa hiyo maji yamepita. Cheti kilikuwa kinangoja saini tu.

Kabla hakijasainiwa, mnunuzi akaleta karatasi ya maabara nyingine aliyoipelekea sampuli ya siku ileile. Ilisema 301 ± 3. Mwenye kisima akapiga simu kwa hasira, mnunuzi naye akapiga, na mimi niliyekuwa zamu ndiye niliyeambiwa nieleze ile 1.2 imetoka wapi. Nayaandika haya kwa sababu jibu lake lilinichukulia muda mrefu, likala kemikali nyingi na uvumilivu wa wateja wawili. Mwenye bureti na kazi ya kutoa vyeti anaweza kuupata ufahamu huo kwa gharama ndogo kuliko sisi.

Nianze na kipimo chenyewe. Unachota mililita 50 za maji kwa pipeti, unaweka bafa ya kufikisha pH 10, unatia kiashiria cha Eriokromi Nyeusi T, maji yanakuwa mekundu ya zambarau kama divai. Kisha unashusha EDTA ya 0.01 M kutoka kwenye bureti hadi rangi igeuke buluu. Hesabu yake ni hii:

```
ugumu (mg/L) = V x 0.01 x 100.09 x 1000 / 50
```

V ni mililita za EDTA zilizotumika. Ukiifupisha, kila mililita moja ya EDTA ni miligramu 20 kwa lita. Tone moja la bureti ni karibu mililita 0.05, maana yake tone moja ni miligramu moja kwa lita. Nilipoliandika hilo ubaoni ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Tulikuwa tunabishana juu ya miligramu 1.7 chini ya kiwango, yaani chini ya matone mawili.

Fomu ilikuwa imefanya nini? Tulirudia titresheni sita, na usomaji ulikuwa 14.84, 14.92, 14.96, 14.88, 14.80 na 15.00. Wastani ni 14.90. Mkengeuko sanifu ni 0.075. Fomu ikaugawa kwa kipeuo cha pili cha 6 ikapata 0.031, ikazidisha kwa 20 kupata miligramu, halafu ikazidisha kwa 2 ili kufikia uhakika wa takribani asilimia 95. Ndiyo hiyo 1.2. Hakuna tarakimu iliyokosewa. Tatizo ni kwamba fomu ilikuwa inajibu swali jingine: mtu huyuhuyu, kwa bureti hiihii na EDTA hiihii, akirudia tena na tena, wastani wake utayumba kiasi gani? Mteja hajauliza hivyo. Anataka kujua ugumu halisi wa maji yake unaweza kuwa mbali kiasi gani na namba tuliyompa.

Fikiria bureti ambayo mistari yake imechapwa vibaya kidogo, kiasi kwamba pale inapoonyesha 14.90 imetoa 14.94. Ukirudia mara sita inakudanganya mara sita kwa kiasi kilekile. Majibu yatakaa pamoja vizuri kabisa, na yote yatakuwa mbali na ukweli. Mtawanyiko wa marudio hauoni kitu kisichobadilika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kuisoma bureti. Imeandikwa pale juu, karibu na mstari wa sifuri: daraja A, mililita 50, ± 0.05. Hilo ndilo kosa linaloruhusiwa. Mtengenezaji anasema popote utakaposhusha, kiasi kilichotoka hakitapishana na usomaji kwa zaidi ya 0.05. Ya daraja B, ambayo maabara nyingi za shule zinayo, huruhusiwa mara mbili ya hapo. Ila 0.05 ni ukuta wa mwisho, na mashaka sanifu ni kitu kingine. Kama hujui ndani ya kuta hizo mbili kosa limekaa wapi, unalichukulia kwamba linaweza kuwa popote kwa usawa, na hapo unagawa kwa kipeuo cha pili cha 3: 0.05 gawa kwa 1.73 ni 0.029. Wapo wanaogawa kwa kipeuo cha pili cha 6, wakisema vyombo vya kioo kwa kawaida hukaa karibu na katikati kuliko ukutani, na wanapata 0.020. Hoja yao ni nzuri kwa bureti mpya yenye cheti chake. Kwa bureti iliyokaa miaka kwenye rafu, yenye ncha iliyomeguka kidogo, mimi natumia 3.

Ukitaka kupunguza namba hiyo, mizani ipo. Jaza bureti maji yaliyosafishwa, acha yapate joto la chumba, shusha mpaka 15.00 kwenye kichupa chenye kifuniko kilichokwisha kupimwa uzito, kisha pima tena. Kwa nyuzijoto 28, ambayo ndiyo hali ya maabara yetu feni likizunguka, kila gramu ya maji kwenye mizani ni karibu mililita 1.0048. Yetu ilitoa gramu 14.95, sawa na mililita 15.02. Ukirudia mara kadhaa unakuwa na sahihisho la bureti yako mwenyewe badala ya ahadi ya mtengenezaji. Ni kazi ya asubuhi moja, haihitaji kemikali yoyote, na sijui kwa nini haifanywi zaidi.

Sehemu iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa jicho.

Rangi haigeuki kama taa inavyozimwa. Karibu na mwisho inatoka kwenye wekundu wa divai, inapita zambarau, inabaki buluu yenye kivuli cha wekundu kwa tone moja au mawili, halafu ndipo inakuwa buluu tupu. Nilimwomba dada tunayefanya naye kazi aje tuangalie chupa moja kwa pamoja, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake usomaji wa pale ambapo yeye angesimama, bila kusema. Mimi nilisimama wekundu wa mwisho ulipotoweka. Yeye alisimama kabla, rangi ilipoacha kuwa zambarau. Tulipofunua karatasi tulipishana mililita 0.08. Tukarudia na chupa nyingine, yeye akawa nyuma yangu tena kwa kiasi hichohicho. Kila mmoja wetu alikuwa imara katika uamuzi wake, na kila mmoja akirudia peke yake angepata majibu yanayokaa pamoja. Miligramu 1.6 zilikuwa katikati yetu na hakuna fomu iliyoziona.

“Sasa nani kati yetu yuko sahihi, mzee?” nilimuuliza fundi mkongwe wa maabara, ambaye alikuwa akishika bureti kabla sisi hatujaanza shule.

“Mwanangu, hilo siyo swali,” akasema. “Uliza aliyepima nguvu ya EDTA alisimama wapi.”

Neno hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi yetu. Kwanza nimalize jinsi ya kuliweka jicho kwenye hesabu.

Uamuzi wa pointi ya mwisho una vipande viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu bajeti nyingi za mashaka nilizowahi kuziona. Kipande cha kwanza ni kuyumba: leo umesimama nusu tone mapema, kesho nusu tone baadaye. Hicho kimo tayari ndani ya mtawanyiko wa marudio. Ukubwa wa tone umo humo, na kuyumba kwa kusoma mstari wa maji mwanzoni na mwishoni kumo humo. Mwenzetu mmoja alipojaribu kutengeneza fomu mpya alichukua mtawanyiko, akaongeza tone, akaongeza usomaji wa juu na usomaji wa chini. Mashaka yakavimba, kwa sababu kitu kimoja kilihesabiwa mara tatu. Kipande cha pili ni tabia: wewe daima unasimama mbele kidogo ya pointi halisi, au daima nyuma. Hicho hakimo kwenye mtawanyiko na lazima kiwekwe chenyewe. Tukiangalia jinsi tulivyopishana, tulikubaliana kwamba tabia ya yeyote kati yetu haizidi tone moja upande wowote, ± 0.05, ambayo ukigawa kwa 1.73 inakuwa 0.029 tena.

Hapa kuna jambo ambalo mtu halioni mpaka aambiwe. Mtawanyiko wenyewe unaweza kuwa wa uongo. Ukianza kila titresheni kwenye sifuri, na ya kwanza imekupa 14.90, ya pili jicho linaanza kukagua bureti kuliko chupa, na linapofika 14.85 mkono unapunguza mwendo. Majibu yanafanana kwa sababu unayajua. Dawa yake ni rahisi: anza kila mara kwenye usomaji tofauti, 0.36, 1.82, 3.14, wowote ule, na usifanye kutoa mpaka zote ziishe. Unapofanya hivyo kwa mara ya kwanza mtawanyiko unaweza kuongezeka. Usishtuke, ndiyo sura yake halisi. Na ukiona daftari ambalo kila usomaji unaishia na 0 au 5, ujue anayesoma anakadiria kwa nusu ya mgawanyo, hata kama fomu ina nafasi mbili za desimali.

Kilichobaki ni vitu viwili. Nguvu ya EDTA ilikuwa na mashaka ya asilimia 0.2 kwa mujibu wa lebo ya maabara, ambayo kwa mililita 14.90 ni 0.030. Pipeti ya mililita 50, daraja A, nayo ni ± 0.05, lakini hiyo ni 0.05 ya 50, na ukiigeuza kwa kipimo cha bureti ni 0.009 tu. Ndipo nikaviweka vyote kwa mililita za bureti, ili vilingane kwa macho:

```
bureti             0.029
tabia ya jicho     0.029
marudio (sita)     0.031
nguvu ya EDTA      0.030
pipeti             0.009
```

Havijumlishwi hivihivi, kwa sababu si rahisi vyote vikosee upande mmoja kwa pamoja. Kila kimoja unakizidisha kwa chenyewe, unajumlisha, unachukua kipeuo cha pili cha jumla. Inatoka 0.060. Mara 20 ni miligramu 1.2, na mara 2 kwa uhakika wa asilimia 95 ni 2.4. Jibu letu lilipaswa kuwa 298.3 ± 2.4, yaani kutoka 295.9 mpaka 300.7. Na 301 ± 3 ya wenzetu haikuwa imepingana nasi hata kidogo.

Mkuu wa maabara alipoona hivyo akasema jambo ambalo wengi wangesema: basi turudie mara ishirini, mashaka yatashuka. Nikafuta mstari wa marudio wote, kana kwamba tumerudia bila kikomo, nikahesabu vilivyobaki. Yanashuka mpaka 2.1 na kugota hapo. Juu bado ni 300.4. Marudio yanapunguza mstari mmoja katika mitano. Ingetugharimu siku nzima na chupa za EDTA kupata sehemu tatu za kumi za miligramu, na cheti kingebaki palepale.

Hapo ndipo nikarudi kwenye neno la mzee. Nguvu ya EDTA yetu ilikuwa imepimwa wiki kadhaa nyuma, na mtu mwingine, kwa bureti nyingine. Kwa hiyo tabia ya jicho lake ilikuwa imefungiwa ndani ya ile 0.01 M, na tabia ya jicho langu ilikuwa ndani ya V, na hizo mbili hazikuwa na sababu ya kufutana. Lakini kama mimi mwenyewe, siku ileile, kwa bureti ileile, nikititreti suluhisho la kalsiamu ninalolijua, na likatumia karibu mililita zilezile 15, basi nikisimama tone moja baadaye kwenye kalsiamu nitasimama tone moja baadaye kwenye maji ya kisima. Bureti ikidanganya kwenye 15 kwa hili, inadanganya kwenye 15 kwa lile. Ukigawanya V moja kwa nyingine, uongo wa pamoja unaondoka karibu wote.

Tukakausha kalsiamu kaboneti safi, tukapima gramu 0.6000, tukaiyeyusha kwa asidi hidrokloriki kidogo, tukachemsha kutoa kaboni dioksidi, tukaijaza mpaka lita moja. Mililita 25 za hiyo zina miligramu 15.00 za kalsiamu kaboneti. Mililita 50 za maji yenye ugumu wa 298 zina 14.9. Huwezi kuomba ulinganifu mzuri zaidi. Tahadhari moja: kalsiamu peke yake haitoi rangi nzuri na Eriokromi, mgeuko wake ni mzito na wa kuburuta. Bafa iwe na chumvi kidogo ya magnesiamu na EDTA, la sivyo utasimama sehemu tofauti kwenye suluhisho la kalsiamu na kwenye maji, na faida yote inapotea. Nyingine ni kwamba ukishatia bafa usikae kwenye titresheni zaidi ya dakika tano, maana katika pH 10 kalsiamu kaboneti huanza kujitenga na rangi inarudirudi nyekundu baada ya kugeuka. Ukiiona inarudi, chupa hiyo imwage.

Tuliongeza pia chupa ya kulinganishia. Unachukua titresheni moja uliyoipitisha makusudi kwa matone kadhaa, buluu tupu isiyo na ubishi, unaiweka juu ya kigae cheupe kando ya ile unayofanyia kazi. Jicho la binadamu ni hafifu sana katika kukumbuka rangi, lakini ni hodari katika kulinganisha mbili zilizo mbele yake. Tukawa tunashusha nusu tone: unaacha lining'inie kwenye ncha, unaligusisha ukutani mwa chupa, unalisukuma ndani kwa maji safi. Mkengeuko ukashuka kutoka 0.075 hadi karibu 0.04.

Majibu ya kazi hiyo yalikuwa 14.97 kwa kalsiamu na 14.93 kwa maji ya kisima, wastani wa sita kwa kila upande. Miligramu 15.00 ndani ya mililita 50 ni 300 kwa lita, kwa hiyo ugumu ni 14.93 gawa kwa 14.97, mara 300, sawa na 299.2. Katika bajeti mpya kila upande una 0.016 ya marudio, mabaki ya bureti na jicho tuliyaacha 0.010, suluhisho la kalsiamu na pipeti yake 0.013, pipeti ya maji 0.009. Jumla inatoka 0.029 ya mililita, na ukiipeleka mpaka uhakika wa asilimia 95 ni miligramu 1.2. Namba ileile ya fomu ya zamani, ila sasa kila kipande chake kinaweza kuonyeshwa.

299.2 ± 1.2 bado inavuka 300. Nakiri iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumefanya kila kitu vizuri na mwenye kisima alitegemea tutamtoa kwenye mashaka. Lakini maji yake yako mpakani kweli, na hakuna bureti itakayoyahamisha. Kilichokosekana hakikuwa maabara, kilikuwa mkataba: ulitaja 300 bila kusema mashaka ya kipimo ni mzigo wa nani. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017 kinataka maabara inayotamka “imepita” au “haikupita” ikubaliane na mteja mapema juu ya kanuni ya uamuzi. Sisi hatukuwa nayo, wala wao.

Tulitoa cheti chenye 299.2 ± 1.2, tukaandika chini yake kwamba kwa kipimo hiki haiwezi kutamkwa kuwa maji yako ndani ya kiwango wala nje yake. Nilikaa na wote wawili, mnunuzi na muuzaji, tukapitia ile safu ya mistari mmoja baada ya mwingine. Wakaongeza kifungu: maji yatakubaliwa ikiwa jibu pamoja na mashaka yake halivuki 300. Mwenye kisima ndiye aliyeubeba mzigo, na akaamua kuchanganya maji hayo na ya kisima chake kingine chenye ugumu mdogo kabla ya kuyapakia. Fomu ya zamani tumeiondoa kwenye kompyuta. Mpya ina nafasi ya namba ya bureti, jina la aliyetitreti kalsiamu na jina la aliyetitreti maji, na majina hayo mawili yakitofautiana, mistari ya bureti na jicho inarudi kwenye 0.029.